Nilivyoikagua kampuni kwenye USAspending na SAM.gov kabla ya kuichukulia kazi

Mimi na mwenzangu ni wafasiri. Kampuni moja ya Marekani, jina silitaji, ilituandikia ikitaka tuwe wakandarasi wake wadogo: sisi tutafsiri, wao wakabidhi kwa idara ya serikali, na sisi tulipwe siku 60 baada ya wao kulipwa. Kwenye barua yao kulikuwa na maneno yaliyomsisimua sana mwenzangu, kwamba wameshinda mikataba ya serikali "yenye thamani ya dola milioni 4". Akaniambia, "Hawa wanalipwa na serikali, tunasubiri nini?" Nikamwomba anipe jioni moja nikague. Jioni moja ilizaa tatu.

Marekani mambo haya yamegawanywa mahali pawili, na pote ni bure. USAspending.gov inaonyesha nani amepewa mkataba na wa kiasi gani. SAM.gov ndiyo yenye orodha ya waliofungiwa kushiriki zabuni, inayoitwa `Exclusions`. Nimezitumia zote mbili, na maoni yangu kuhusu kila moja hayafanani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta kwa jina. Nilipata kampuni tano zinazokaribiana, moja ikiwa na mkato kabla ya `LLC`, nyingine bila mkato, nyingine `INC`. Ungeniuliza ipi ni yetu ningebahatisha tu. Nikawaandikia kuomba UEI, namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 12 ambayo serikali ya Marekani imekuwa ikiitumia badala ya namba ya zamani ya DUNS tangu Aprili 4, 2022. Wakanitumia siku hiyo hiyo bila maneno mengi, nikawapa alama kwa hilo. Kampuni inayofanya kazi na serikali moja kwa moja haiwezi kukosa namba hii, kwa hiyo anayezungushazunguka kuitoa amekwisha kukuambia kitu.

Nikaibandika UEI kwenye USAspending, sehemu ya `Recipient`, nikachagua miaka yote. Hapa usijisahau, kwa sababu ukiacha mwaka mmoja tu wa fedha, kampuni yenye historia ndefu itaonekana kama imezaliwa jana. Yakatoka matokeo mawili chini ya `Contracts` na moja chini ya `Contract IDVs`.

Hiyo IDV ndiyo ilikuwa "milioni 4" yenyewe. Kwa lugha nyepesi ni mkataba mwamvuli: serikali inasema tunaweza kuagiza kazi kwako mpaka kiwango fulani, lakini haijaagiza chochote cha kutaja. Pesa inaanza kuonekana pale oda zinapotolewa chini ya mwamvuli huo. Tena mwamvuli mmoja unaweza kugawiwa kampuni nyingi kwa pamoja, na kila moja ikaandikiwa dari lile lile, hivyo kila moja inaweza kujitangaza kwa milioni nne zile zile bila kusema uongo wa wazi. Kampuni yetu ilikuwa miongoni mwa kundi la namna hiyo.

Yale matokeo mawili ya `Contracts` ndiyo yalikuwa oda zao. Ukifungua ukurasa wa oda unakutana na viwango kadhaa vya fedha, na watu wengi husoma kile kikubwa. `Potential Award Amount` ni kile kinachoweza kufikiwa kama nyongeza zote za hiari zitatumika. `Obligated Amount` ni kile ambacho serikali imejifunga kukilipa. `Outlayed Amount` ni kile kilichokwisha kutoka. Mimi nilisoma cha katikati. Oda ya kwanza dola 42,450. Ya pili dola 18,750. Jumla 61,200. Kutoka milioni nne hadi elfu sitini na moja ni safari ndefu kidogo.

Hiyo ya pili ilinisumbua kwa sababu namba ilikaa kama nusu ya kitu. Nikashuka hadi `Transaction History`, na kama kuna kona moja ya tovuti hii ningependa kila mtu aifungue, ni hii. Kila badiliko la mkataba lina mstari wake: tarehe, kiasi, aina ya hatua. Mstari wa kwanza ulisema 37,500. Miezi saba baadaye kukawa na mstari wenye alama ya kutoa, -18,750, na upande wa `Action Type` imeandikwa `TERMINATE FOR CONVENIENCE`. Yaani serikali ilivunja oda katikati kwa sababu zake yenyewe. Hilo peke yake si doa. Bajeti hukatwa, mahitaji hubadilika. Ambalo lingenifanya nifunge kompyuta ni `TERMINATE FOR DEFAULT`, maana hapo serikali inasema mkandarasi ameshindwa kazi. Mwenzangu aliyasoma yote mawili kuwa "wamefukuzwa", ikabidi nimtulize.

Kufikia hapo nilikuwa na kampuni ndogo inayojikweza, basi. Ningeweza kuishi na hilo.

Nikahamia SAM.gov. Kutafuta waliofungiwa hakuhitaji akaunti. Nikaweka UEI, nikaambiwa hakuna kitu. Nikapumua, nikamwandikia mwenzangu kwamba wako safi. Nikalala.

Asubuhi nikiwa napanga viambatisho vyao nikaona barua ya sifa kutoka kwa mteja wao wa zamani, ya mwaka 2017. Barua ilikuwa nzuri sana, ila iliandikwa kwa jina la kampuni nyingine. Neno la kwanza lile lile, la pili tofauti. Na nikakumbuka kwamba kwenye USAspending oda yao ya kwanza kabisa ni ya 2022, wakati wasifu wao unajivunia kazi tangu 2014. Kampuni ya miaka minane inakaaje bila alama hata moja, halafu barua yake ya sifa inabeba jina jingine?

Nikatafuta hilo jina la zamani kwenye `Exclusions`. Hakuna kitu. Kisha nikaona kilichonikosesha: upande wa kushoto kichujio cha hali kimewekwa tayari kwenye `Active`, na hakuna anayekuambia. Nikaweka tiki kwenye `Inactive` pia. Rekodi ikatokea. Aina: `Ineligible (Proceedings Completed)`, maana yake mchakato ulikwisha na uamuzi ukatolewa. Ilianza 2020 ikaisha 2023, miaka mitatu, ambao kwa kawaida ndio ukomo wa kifungo cha namna hii katika kanuni zao. Anwani ilikuwa mtaa ule ule, jengo lile lile, mpaka namba ya chumba.

Hapo nilikaa kimya dakika kadhaa. Kifungo kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo kisheria hawakuwa na kizuizi chochote. Lakini hii kampuni mpya ilichukua oda yake ya kwanza 2022, wakati ya zamani bado inatumikia kifungo. Kufungiwa kunaweza kupanuliwa hadi kampuni dada, ila lazima ziwe zimetajwa kwa jina kwenye uamuzi. Ukianzisha nyingine ambayo haikutajwa, ina UEI yake mpya, na kisanduku cha kutafutia hakina habari kwamba chumba ni kilekile. Mashine inalinganisha namba na herufi; anwani, wamiliki na barua kuukuu lazima uvilinganishe wewe.

Nilijaribu pia jina la mmiliki. Yakaja majina mawili yanayofanana naye, wote wa majimbo mengine. Nikawaacha. Kumhukumu mtu kwa sababu jina lake ni la kawaida ni dhambi ambayo orodha hizi zinakualika uitende kila siku. Bila kitu cha pili kinachooana, anwani au kampuni, hujampata mtu wako.

Mwenzangu naye alikuja na la kwake. Alikuwa amefungua kampuni ya zamani kwenye USAspending akakuta malipo ya 2021, ndani ya kifungo. "Si unaona, rejista yenyewe inadanganya." Haidanganyi. Kufungiwa kunazuia mikataba mipya. Ile iliyokuwa inaendelea idara inaweza kuiacha iishe, isipokuwa mkuu wake aamue vingine. Malipo ndani ya kipindi cha kifungo hayathibitishi kwamba kifungo hakikuwepo. Angalia tarehe mkataba uliposainiwa, siyo tarehe hela zilipotoka.

Kwa kumalizia uchunguzi nikapita orodha ya Benki ya Dunia ya kampuni zisizostahili, kwa kuwa ni tofauti kabisa na ya Marekani na uamuzi wa upande mmoja hauingii kwa mwingine wenyewe. Kubwa lake ni kwamba tangu makubaliano ya Aprili 9, 2010, benki tano za maendeleo, ikiwemo ya Afrika, zinatambuliana vifungo vinavyozidi mwaka mmoja, kwa hiyo ukurasa mmoja unakupa macho matano. Ubaya wake ni kwamba muda ukiisha jina linaondolewa. Hakuna tiki ya `Inactive` ya kukuokoa. Kampuni yetu haikuwemo, chini ya majina yote mawili.

Kisha nikaandika barua pepe yenye maswali mawili: mna uhusiano gani na kampuni ya zamani, na kazi yetu italipwa kutoka mkataba namba ngapi. La kwanza wakajibu kwa mstari mmoja, kwamba ni "biashara ya awali ya familia". La pili wakatoa namba kamili, na namba hizi zinasomeka ukizizoea. Nafasi ya saba na ya nane ni mwaka wa fedha, na herufi ya nafasi ya tisa ni aina: `D` ni mwamvuli, `F` ni oda chini ya mwamvuli, `P` ni oda ya ununuzi inayojitegemea. Yao ilikuwa na `D`. Walikuwa wamenipa namba ya mwamvuli wenyewe, ambao haulipi kitu. Nikaufungua, nikaangalia tarehe ya mwisho ya kuagiza: ilipita miezi minne kabla hawajatuandikia.

Inawezekana walikuwa wanategemea kazi ya kampuni nyingine kubwa, na hilo lingeonekana kwenye `Sub-Awards`, ingawa pale huandikwa tu kile ambacho mkandarasi mkuu ameripoti mwenyewe. Inawezekana pia oda ilikuwa ya Wizara ya Ulinzi, ambayo data zake huchelewa siku 90. Niliwapa nafasi ya kusema hivyo. Tukawajibu kwamba tutaanza tukipata nusu ya malipo mkononi. Hawajaandika tena.

USAspending naipa nyota nne. Ya tano nimeikatia kwa kuweka namba kubwa mahali pa macho. SAM.gov mbili na nusu, na sababu ni hicho kichujio cha `Active`.