Uzoefu wangu na programu ya simu ya kusoma hati ya makadirio ya kodi

Ninauza vifaa vya umeme Kariakoo, na mwezi Februari 2024 nilipokea hati ya makadirio ya kodi ya mapato ya mwaka 2022. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu ritani iliyotakiwa kufika kabla ya tarehe 30 Juni 2023 kupita niliiwasilisha tarehe 20 Desemba, na kodi yenyewe ilikuwa haijalipwa hata senti. Sikuwa na pingamizi juu ya deni hilo, ila sikuwa na uwezo wa kulilipa kwa mkupuo, hivyo nilihitaji kuandika barua ya kuomba kulipa kwa awamu. Mhasibu anayenisaidia yuko Mbagala na hatuonani kila siku. Aliniagiza nimtumie mambo manne tu kutoka kwenye hati: kodi ya msingi, adhabu, riba na tarehe ya mwisho ya kulipa. Niliamua kutumia programu ya kusoma maandishi kwenye picha, ambayo huipiga picha hati na kupanga tarakimu zake katika jedwali.

Kabla ya yote nilizima data na kuona kwamba bado inasoma. Jambo hilo lilinipa utulivu, kwa kuwa hati hiyo ina jina langu na namba yangu ya mlipakodi, na sikutaka picha yake isafiri kwenda nisikokujua.

Picha ya kwanza niliipiga kaunta usiku, chini ya taa, karatasi ikiwa bado na mikunjo ya bahasha. Adhabu iliyoandikwa 720,000.00 ilisomwa kuwa shilingi milioni 72, kwa sababu nukta ya senti ilipotea na zile sifuri mbili za mwisho zikahesabiwa kuwa sehemu ya shilingi. Kosa la namna hii hujitokeza lenyewe ukijumlisha, maana kodi, adhabu na riba zikikusanywa hazifiki kwenye jumla iliyochapishwa chini ya hati. Asubuhi yake niliilaza karatasi mezani karibu na mlango, nikaweka kioo juu yake ili mikunjo ilale, nikapiga picha kwa mwanga wa mchana bila taa ya simu. Tarakimu zote zilisomwa sawasawa.

Kosa la pili ndilo lililonifanya niandike maelezo haya, kwa kuwa kujumlisha hakukuligundua. Katika jedwali la programu kulikuwa na kodi shilingi 4,800,000, adhabu 861,762, riba sifuri na jumla 5,661,762. Nilijumlisha mara mbili na hesabu ikakubali. Nilikuwa karibu kabisa kumtumia mhasibu, lakini ile sifuri ikanizuia mkono: kodi iliyokaa bila kulipwa tangu mwisho wa Juni hadi Februari inawezaje kukosa riba?

Nilipoirudia karatasi nililiona tatizo. Hati yangu ilikuwa na mistari miwili ya adhabu. Wa kwanza ni wa kuchelewesha ritani, wenye 720,000. Wa pili ni wa adhabu nyingine ambayo sikutozwa, na mahali pa tarakimu pamewekwa kistari kifupi. Programu haikukitambua kistari kile kuwa ni thamani, ikakiruka, na riba ya 141,762 iliyokuwa mstari unaofuata ikapandishwa juu na kuhesabiwa kuwa adhabu ya pili. Fedha zote zilikuwemo, ila chini ya majina yasiyo yake, ndiyo maana jumla haikubadilika.

Mhasibu alinifundisha kwa simu namna ya kuhakiki bila kuitegemea jumla. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, adhabu ya kuchelewesha ritani huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Kiwango chake ni asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, isipokuwa pale ambapo kima cha chini kilichowekwa na sheria ni kikubwa zaidi. Kwangu mimi asilimia 2.5 ya 4,800,000 ni shilingi 120,000, na kuanzia Julai hadi Desemba ni miezi sita, yaani 720,000 kamili. Adhabu ya 861,762 haigawanyiki kwa 120,000, na hiyo peke yake ilitosha kuonyesha kwamba ndani yake kuna fedha ya namna nyingine. Riba kwa kawaida haiji na tarakimu za mviringo, kwa sababu hulimbikizwa kila mwezi juu ya riba iliyotangulia.

Kwa mtu anayeomba awamu, tofauti hii si ya majina tu. Nilikuwa nimegawa 5,661,762 kwa sita na kupata awamu za shilingi 943,627, nikiamini kwamba baada ya awamu ya sita ningekuwa nimemaliza. Mhasibu alinieleza kwamba kukubaliwa awamu hakusimamishi riba juu ya kodi iliyobaki. Riba ya 141,762 kwa miezi saba, Julai hadi Januari, ni wastani wa takriban shilingi 20,250 kwa mwezi. Kiasi hicho hupungua jinsi kodi inavyolipwa, lakini hakiwi sifuri. Mpango ulioandikwa kana kwamba hakuna riba humwacha mlipaji na salio mwishoni, wakati yeye anadhani amefunga ukurasa.

Tarehe nayo ilikuwa na mtego wake. Hati ilionyesha 05/02/2024 kuwa siku ya kutolewa na 06/03/2024 kuwa mwisho wa kulipa. Simu yangu ilikuwa imewekwa mpangilio wa Kimarekani unaotanguliza mwezi, hivyo programu iliandika kwamba mwisho ni tarehe 3 Juni, karibu miezi mitatu baada ya siku ya kweli, ambayo ni tarehe 6 Machi. Kilichoniamsha ni tarehe ya kutolewa, kwani ilisomwa kuwa 2 Mei ilhali tulikuwa bado Februari. Mtu anayesoma hati yake mwezi Juni asingekuwa na dalili hiyo ya kumsaidia. Kuna tarehe nyingine ambayo programu haiwezi kuipata kwenye picha, nayo ni siku uliyokabidhiwa hati. Siku 30 za kuwasilisha pingamizi huhesabiwa kuanzia hapo, kwa hiyo nakushauri uiandike kwa mkono wako nyuma ya bahasha siku ileile.

Niliirekebisha kazi kwa njia nyepesi. Nilitoa kopi ya hati dukani kwa jirani, nikaandika 0.00 kwa kalamu nyeusi juu ya kile kistari, nikabadilisha mpangilio wa tarehe kwenye simu, kisha nikapiga picha ile kopi. Jedwali lilitoka sahihi kila mstari. Hati halisi sikuigusa, na sidhani kuna sababu yoyote ya mtu kuandika kitu juu yake.

Nitaendelea kuitumia programu hii kwa kunakili tarakimu, maana inazinakili vizuri kuliko macho yangu ya jioni, lakini majina ya mistari nitayasoma mwenyewe kwenye karatasi. Barua ya maombi ilipokelewa na kugongwa muhuri Ijumaa tarehe 1 Machi, siku tano kabla ya mwisho, ikiwa na riba katika mstari wake peke yake na ombi kwamba riba itakayoongezeka ijumlishwe kwenye awamu ya sita.