Visahani vya kutelezesha kabati: nilitaka kuvipa sifuri

Nina hasira na duka moja la Kariakoo, na hasira yenyewe haijapoa ingawa tumeshahama siku nyingi. Sitalitaja jina. Nitasema walichoniuzia na kilichotokea, ili mwenye sakafu ya mbao na kabati zito asiingie pale kichwa kichwa.

Nyumba tuliyohamia ni ghorofa ya zamani, Upanga. Sakafu yake ni ya vipande vya mbao, na mwenye nyumba alikuwa ametoka kuipiga vanishi upya. Sisi tuna kabati la mninga la milango mitatu, la urithi wa wakwe zangu, na hilo si kabati la kubebwa na watu wawili. Vijana wa kubeba walilifikisha sebuleni, wakachukua hela yao, wakaondoka. Kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho, koridoni kote, ilikuwa kazi yangu na shemeji yangu.

Vifaa tulikuwa navyo. Nilikuwa nimenunua visahani vya kuweka chini ya miguu ya kabati ili liteleze, vibandiko vya felti vya viti, na neti ya mpira ya kutandika chini ya zulia. Vile visahani vilikuwa vya plastiki ngumu, vimebinuka kidogo kwa chini, na juu vina sponji ya kushika mguu.

Tulifanya kila kitu inavyotakiwa. Nguo zote nje, droo nje, rafu nje, milango tukaifungua bawaba tukaiegesha ukutani. Shemeji akachukua mbao ya mbili kwa nne, akaitanguliza kipande cha ubao kwa chini isiumize sakafu, akainua pembe moja kiasi cha vidole viwili, mimi nikasukumia kisahani. Pembe zote nne hivyo hivyo. Tukasukuma kutokea chini, usawa wa magoti, kwa sababu ukisukuma kabati kwa juu linainama na uzito wote unahamia kwenye miguu ya mbele. Likaenda. Nilifurahi kweli, kabati lile lilikuwa linateleza bila mtu kukunja uso.

Katikati ya koridoni nikasikia sauti: kwaruu, kwaruu. Tukasimama hapo hapo. Tulipoinua pembe, chini ya kisahani kulikuwa na chembe za mchanga zimezama kwenye plastiki, zimeng'ang'ania. Nyuma yetu mistari miwili myeupe imenyooka tangu mlango wa sebule.

Hapo ndipo penye siri ambayo muuzaji alipaswa kuijua. Mchanga wetu huu wa Dar una chembe ngumu kuliko vanishi yoyote, na ni ngumu hata kuliko ile rangi ya kung'aa iliyo juu ya marumaru nyingi. Plastiki ikiukanyaga haiumezi. Inaushika pale pale, na kabati la mninga kwa juu linaukandamiza. Kuanzia hapo huburuzi plastiki tena, unaburuza mchanga. Na unaweza kufagia asubuhi, mlango ukifunguliwa mara moja upepo umeshaurudisha. Visahani vya plastiki vimetengenezwa kwa ajili ya zulia lililotandikwa chumba kizima, ambako plastiki inateleza juu ya nyuzi. Kwenye sakafu ngumu vinatakiwa vile vyenye felti kwa chini. Tofauti ni hiyo moja tu, na mtu anayeuza bidhaa hiyo kila siku hana sababu ya kutoijua.

Nilirudi dukani na kisahani kimoja mkononi, mchanga ukiwa bado umekwama humo. Nikamwambia, kaka, nilikuuliza mara mbili kama hivi ni vya sakafu ya mbao, ukasema sakafu zote. Hakukishika hata kukishika. Aliendelea na simu yake, halafu akaonyesha kwa kidevu kikaratasi kilichobandikwa ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sijaja kurudisha, nataka ujue ili usimuuzie mwingine. Akanijibu, "Dada, labda hamjui kusukuma." Wateja wengine wapo, wanasikiliza. Kama angesema pole tu, huenda haya nisingeyaandika.

Nimeshatukana visahani vya kila aina mbele ya ndugu na jamaa. Nilikuwa nawaambia watu waachane navyo kabisa, watafute vijana wanne walibebe. Sasa inabidi niseme la pili, maana haki ni haki.

Kabati lilikuwa bado limeziba koridoni, tunapita kwa ubavu. Shemeji akaenda Keko kwa fundi wa samani anayefahamiana naye, akamweleza. Fundi yule hakutuuzia boksi lolote. Alichukua felti nene, karibu unene wa kidole kidogo, akakata vipande vikubwa kuliko miguu ya kabati, akavigundisha na gundi ya mbao kwenye vipande vya plaiwudi. Akatuagiza mambo mawili: mpige deki kwa kitambaa chenye unyevu njia yote, muache ikauke kabisa, halafu kila mkienda hatua chache inueni mwangalie felti chini. Felti nayo inaokota mchanga. Ubora wake ni kwamba chembe inazama ndani ya manyoya badala ya kubaki juu, ila yakijaa, imeshakuwa msasa. Ukiona inametameta kwa chini au ukiigusa inakwaruza kidole, ing'ute kwa brashi ngumu au ubadilishe.

Tukafanya alivyosema. Kabati lilifika chumba cha mwisho, likazungushwa, likaegemezwa ukutani, na upande ule wa koridoni hakuna mchirizi hata mmoja. Kwa hiyo visahani sivipi sifuri. Vya felti navipa alama zote, na vinabaki pale pale chini ya kabati hadi leo. Vya plastiki navipa sifuri kwa sakafu yangu. Lile duka ni jambo lingine kabisa.

Kwa wenye mistari kama yangu, fundi wa vanishi alinionyesha namna ya kuipima kabla hujaingia gharama. Lowesha kidole, pitisha juu ya mstari. Ukipotea wakati umelowa na kurudi ukikauka, umekwaruzwa vanishi tu, mbao iko salama. Ukibaki unaonekana hata ukiwa na maji, na ukucha unanasa, basi umeingia kwenye mbao, na hapo ni kusugua kwa msasa na kupiga upya. Wangu mmoja ulikuwa wa vanishi, wa pili umeingia. Na huwezi kupaka kile kistari peke yake, kiraka kitaonekana. Tulilazimika kusugua na kupaka koridoni nzima, toka mlango hadi mlango, kwa hela yetu.

Vibandiko vya felti vya viti niliudhika navyo pia, ingawa si sana. Gundi yake ya kubandua karatasi haipendi kusukumwa kwa ubavu, na kiti cha mezani kazi yake ni kusukumwa kwa ubavu kila mlo. Kwa joto letu gundi inalainika, kibandiko kinasogea kidogo kidogo hadi nusu yake iko nje ya mguu, na ile gundi iliyobaki wazi inakusanya mchanga na nywele. Ukifuta mguu wa kiti kwa spiriti kwanza, ukabandika na kuacha kiti kimegeuzwa miguu juu hadi kesho yake, vinadumu zaidi. Lakini kwa viti vinavyovutwa kila siku nimehamia vya msumari, vinavyopigiliwa katikati ya mguu. Kwa mninga toboa kwanza kwa keekee kijitundu chembamba, la sivyo mguu utapasuka. Halafu uvikague mara kwa mara, maana felti ikishalala kwa uzito, kichwa cha msumari kinafika chini na kitachora duara zuri kwenye vanishi yako.

Sasa neti ya mpira. Hii ndiyo inayonichemsha kuliko vyote, kwa sababu visahani vilipiga kelele tukasikia, lakini neti haikusema kitu. Niliitandika chini ya zulia la sebuleni, zulia likatulia kabisa, watoto wanakimbia halisogei. Nikaisifia kwa majirani. Baada ya msimu wa joto kupita nikainua zulia kufagia, neti haikutaka kunyanyuka. Imeshika sakafu. Nilipoivuta ikatoka na kuacha vijimraba vyake vimechorwa kwenye vanishi, vinanata, vingine vimebaki na vipande vya mpira. Na katikati ya kila mraba mchanga umejaa, kwa sababu unapenya kwenye zulia, unapita kwenye matundu, unakaa.

Nyingi ya neti hizi za bei poa si mpira wa mti, ni plastiki iliyolainishwa kwa mafuta maalumu ili iwe laini na ishike. Joto na uzito vikiikandamiza, yale mafuta yanahama taratibu na kuingia kwenye vanishi, vanishi inalainika, vinagandana. Na walio na sakafu ya plastiki ya kutandika wasidhani wamepona. Kwao hata mpira halisi ni hatari, unaacha doa la njano ambalo hakuna sabuni wala jiki itakayolitoa, kwa kuwa si uchafu wa juu, ni rangi iliyobadilika ndani ya plastiki yenyewe.

Kama ni lazima uitumie, kata kipande cha ukubwa wa kiganja, kiweke kona isiyoonekana, weka juu yake kitu kizito, ukiache wiki kadhaa za joto. Ukikinyanyua kinanata, au sakafu imebaki na alama, usitandike. Na ikiwa neti inanuka plastiki kali tangu unapoikunjua, na inaacha vidole vinateleza kama vyenye mafuta, hata usipime.

Zulia letu sasa limebanwa na miguu ya mbele ya kochi. Upande wa pili unajikunja watoto wakicheza, naunyoosha jioni. Sina shida na hilo. Neti hairudi chini ya zulia hilo hata nikipewa bure.