Kuziba kipara cha nyasi kwenye picha: Clone Source au Vanishing Point?

Karibuni, watazamaji wangu. Leo nachambua zana mbili zilizomo ndani ya Photoshop, nazo ni Vanishing Point na Clone Source. Nazipima kwa kazi moja tu: kufunika udongo mtupu kwa nyasi zenye afya, na mtu anayeitazama picha asishtuke.

Tazameni picha hii. Nyumba iko nyuma, njia ya saruji inaelekea mlangoni, ukoka wa mbele umestawi, na pale katikati kuna kipara. Wengi hushika Clone Stamp, wakachota nyasi za mbele na kuzipaka katikati. Rangi inaoana, lakini majani yanakuwa makubwa kuliko ya jirani zake, na kile kipande kinaonekana kama kimeinuka kutoka ardhini.

Tuanze na Vanishing Point. Fungua leya mpya tupu, nenda Filter, kisha Vanishing Point. Weka pembe nne ukifuata kingo za njia ile ya saruji, halafu uutanue wavu mpaka ufunike nyasi. Wavu ukiwa wa buluu, endelea. Ukiwa wa njano au mwekundu, pembe zako haziendani na picha, zisogeze. Baada ya hapo, stempu ya humo ndani inapunguza nyasi yenyewe kadiri unavyoenda nyuma.

Kwa sehemu ya mbali, naipenda sana. Tatizo liko karibu. Zana hii inaichukulia ardhi kama sakafu bapa, kumbe nyasi zimesimama. Ukichota mbele na kupeleka nyuma, urefu wa majani unabanwa kuliko upana wake, yakabaki vibutu. Ukichota nyuma na kuleta mbele, yanavutika kama nyuzi. Kwa vigae ingekuwa sawa kabisa, kwa nyasi hapana.

Sasa Clone Source. Iko kwenye Window, na hufanya kazi pamoja na Clone Stamp. Hapa hesabu unaifanya wewe, na ni nyepesi. Kwanza tafuta upeo wa macho: refusha kingo mbili za njia mpaka zikutane. Katika picha hii zinakutana pikseli 1000 kutoka juu. Kitovu cha kipara kiko 1600, yaani 600 chini ya upeo. Nyasi nzuri ninazozitaka ziko 1900, yaani 900 chini ya upeo. Gawanya 600 kwa 900, unapata kama asilimia 67. Andika 67 kwenye W na kwenye H, bonyeza Alt kwenye nyasi ile ya 1900, anza kupaka pale 1600. Ukiwa umetia alama Aligned, kipimo hicho kinatosha kwa kipara kizima, juu na chini, kwa sababu uwiano haubadiliki. Ardhi ikiwa na mteremko, hesabu hii haishiki, basi chota kwenye mstari uleule wa kipara, kushoto au kulia, na uache asilimia 100.

Jambo moja nalisisitiza: chota mbele upeleke nyuma. Kupunguza hakuharibu, lakini kukuza kunaleta ukungu.

Mwelekeo wa majani ndio unaosahaulika. Kamera ikiinamishwa kidogo, majani ya kushoto hulalia kushoto na ya kulia hulalia kulia. Ukihamisha ya kushoto kwenda kulia, yanakwenda kinyume na wenzake. Clone Source ina kisanduku cha kuzungusha, nyuzi chache zinatosha. Usikimbilie kuyageuza kama kwenye kioo, kwa sababu mwanga nao utageuka na vivuli vitaangukia upande usio wake. Na kama nyasi zina mistari ya mashine ya kukatia, chota ndani ya mstari uleule: mstari mweupe ni majani yaliyolazwa kuelekea mbali nasi, mweusi yamelazwa kuja kwetu. Ukiichanganya, baka jipya linazaliwa.

Kwenye ukingo wa kipara, tumia brashi ndogo, na uivute fupi fupi kutoka chini kwenda juu, majani yapenye kwenye udongo. Ukingo wa duara laini unaumbua kazi yote.

Hukumu yangu: Clone Source kwa mbele na katikati, Vanishing Point kwa mbali tu, kule ambako jani mojamoja halionekani. Na kama ni picha ya nyumba inayouzwa, mwambieni mnunuzi kwamba nyasi zimehaririwa.

Kabla ya kuhifadhi, pindua picha kwa Flip Canvas Horizontal, uitazame kwa mbali. Tafuta jani kavu au ua la gugu lililojitokeza mara mbili. Ukilikuta, lifute moja, kisha uirudishe picha ilivyokuwa.