Betri ya volti tisa ndani ya alamu ya moshi: uzoefu wangu na alkalaini, za lithiamu na zile za kuchaji

Nimetumia betri za volti tisa za kila namna kwenye alamu za moshi za nyumbani kwangu, za alkalaini za kawaida, za lithiamu, na hata zile za kuchaji kwa waya wa simu, na zikifa huwa napenda kujua zimekufaje kabla sijazitupa. Kwa hiyo nitazungumzia zaidi kilichomo ndani, kwa sababu ukishaona ndani unaelewa kwa nini hii betri jana ilikuwa nzima na leo alamu inalia pii pii usiku wa manane, na kwa nini ya lithiamu ni tofauti kweli sio maneno ya kwenye paketi tu.

Kwanza ieleweke kwamba betri ya volti tisa sio betri moja. Ni seli sita ndogo zimefungiwa kwenye kopo moja la bati, kila seli ina volti moja na nusu, na zimeungwa moja nyuma ya nyingine mpaka zinafika tisa. Ukisoma ubavuni mwa ya alkalaini utakuta imeandikwa 6LR61, na hiyo 6 ya mwanzo ndo idadi ya seli zenyewe. Ile iliyokuwa imechoka niliyofungua mimi ilikuwa na viseli sita vya mviringo, vyembamba kuliko hata zile AAA za rimoti, vimesimama mistari miwili ya vitatu vitatu na vimeunganishwa kwa vibati vidogo vilivyochomelewa. Kuna aina nyingine zinatumia seli bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine kama rundo, kazi ni ile ile. (Ukitaka kufungua fungua ya alkalaini tu tena iliyokwisha, vaa glavu na miwani, ndani kuna potasiamu haidroksaidi ambayo inaunguza ngozi na macho. Ya lithiamu usiifungue kabisa, kwa sababu yoyote ile.)

Sasa watu wengi wanadhani kwa vile seli ziko sita basi umeme uliomo ni mwingi. Hapana. Zikiungwa kwa mfuatano volti ndo zinajumlishwa, lakini ujazo unabaki ule ule wa seli moja, kwa sababu umeme unaopita kwenye seli ya kwanza ndo huo huo unaopita kwenye ya sita. Ndo maana betri hii ina kama 500 mAh tu wakati AA moja ya alkalaini inafika 2000 na zaidi. Na jambo lenyewe kubwa ni hili hapa, betri nzima inaishi kwa umri wa seli iliyo dhaifu kuliko zote. Hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja hazilingani sawasawa, moja ina unga kidogo pungufu au muhuri wake haukukaa vizuri, na hiyo ndo itakayotangulia kufika mwisho huku wenzake watano bado wana kitu.

Hiyo niliyofungua ilitoka kwenye alamu ya moshi iliyokuwa imeanza kulia ile pii fupi ya betri kuisha. Kabla ya kuifungua niliipima ikiwa peke yake ikasoma volti 7.1, ambayo mtu angesema aa bado ina nguvu kiasi. Nikapima seli moja moja. Tano zilikuwa karibu sawa, 1.29, 1.30, 1.28, 1.31 na 1.30. Ya sita ilikuwa 0.62. Jumla yake ndo hiyo 7.1. Halafu nikaweka rizista ya omu 470 kati ya ncha mbili za betri ili itoe umeme kidogo, kama milliampia 13 hivi, na hapo ndo ukweli ukaonekana: zile tano zilishuka kidogo tu zikakaa karibu na 1.25, ile ya sita ikashuka mpaka chini ya sifuri, ikasoma hasi 0.2. Yani sio tu kwamba haisaidii, inakula volti za wenzake. Zile tano zinausukuma umeme upite ndani yake kwa nguvu na chanya yake inageuka hasi. Betri nzima ikabaki na volti 6 na kidogo. Seli ikishasukumwa kinyume hivyo inaweza pia kuzalisha gesi ndani na kuanza kuvuja, ule ukoko mweupe unaoukuta kwenye klipu za alamu mara nyingi ndo umetokea huko.

Sasa kwa nini inatokea ghafla? Kwa sababu alamu ya moshi inakula umeme kidogo mno muda mwingi, mikroampia chache mpaka kumi na kitu, halafu mara moja moja inataka mwingi. Chukulia seli moja imezeeka na ukinzani wake wa ndani umepanda mpaka omu 100. Alamu ikiwa imetulia inavuta mikroampia 10, kwenye hizo omu 100 inapotea millivolti moja, hakuna anayeiona. Ikivuta milliampia 15 inapotea volti moja na nusu. Honi ikilia kwa moshi wa kweli na kuvuta milliampia 30 zinapotea volti tatu nzima, yani kutoka nane unajikuta tano. Betri ile ile, siku ile ile. Kwa hiyo miezi yote hiyo inapozeeka hakuna dalili, na siku inayotakiwa ndo inaonekana haipo.

Waliotengeneza alamu wanalijua hilo, ndo maana nyingi kila baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya dakika moja hivi, zinaipa betri mzigo mdogo wa kuijaribu, mara nyingi ni wakati ule ule taa yake ndogo inapopepesa, na volti zikishuka chini ya kiwango chake ndo inalia pii. Sio kwamba inapima betri imebaki asilimia ngapi, inapima kama inaweza kubeba mzigo. Na ndo sababu inapenda kuanza kulia usiku, nyumba inapoa, baridi inapandisha ukinzani wa seli na kupunguza volti kidogo, betri iliyokuwa ukingoni inavuka mstari saa tisa usiku halafu jua likitoka inapata joto inanyamaza. Watu wanasema alamu ina kichaa, wanaichomoa betri wanaiacha mezani. Jamani msifanye hivyo, ikinyamaza asubuhi haijapona, ibadilishe siku hiyo hiyo.

Ndo maana pia siamini kipimo cha betri bila mzigo. Kama una mita, weka rizista ya omu 470 hivi halafu soma baada ya sekunde chache, betri mpya ya alkalaini inabaki juu ya tisa au karibu kabisa na hapo, iliyochoka inaporomoka mbele ya macho yako. Kama huna mita bonyeza kitufe cha kujaribia kwenye alamu yenyewe na usikilize mpaka honi ilie kwa nguvu kamili, sio kulia nusu na kufifia.

Nije kwenye lithiamu. Ninazotumia sasa vyumba vya kulala ni za lithiamu zisizochajiwa, aina ya lithiamu na manganizi dioksaidi, na tofauti unaihisi hata mkononi, ni nyepesi kuliko alkalaini. Ndani hazina seli sita, zina tatu, kila moja volti tatu. Ujazo wake ni kama 1200 mAh, zaidi ya mara mbili ya alkalaini. Zikikaa bila kazi zinapoteza kidogo sana kwa mwaka, baridi haizisumbui kivile, na kwa kuwa ndani hamna ile alkali ya majimaji sijawahi kukuta ukoko kwenye klipu. Kilichonifurahisha zaidi ni volti zake kutulia, alkalaini inashuka taratibu kama mteremko tangu siku ya kwanza, lithiamu inakaa karibu pale pale karibu maisha yake yote.

Lakini huo utulivu una upande wa pili na nataka uujue kabla hujanunua. Kwa vile volti hazishuki, mita haiwezi kukuambia imebaki kiasi gani, na mwisho wake ni mkali. Seli ziko tatu tu, moja ikikata unapoteza volti tatu kwa mkupuo, tisa inakuwa sita, onyo la pii linaweza kuwa fupi kuliko ulivyozoea. Kiwango cha Ulaya EN 14604 kinataka alamu itoe onyo la betri kuisha kwa siku 30 angalau huku bado ikiweza kulia, na alamu inapimwa na betri zilizotajwa kwenye kijitabu chake. Basi soma kijitabu au ubavuni mwa alamu, kama lithiamu haijatajwa usiiweke, hata kama inaingia vizuri. Mimi naandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri. Na ile ahadi ya miaka kumi inategemea alamu inayokula kidogo na isiyolia kila mkipika, halafu alamu yenyewe nayo baada ya miaka 10 inatakiwa ibadilishwe.

Zile za lithiamu za kuchaji kwa waya wa simu ni kitu kingine kabisa msichanganye. Ndani nyingi zina kifaa cha kupandisha volti, kinatoa tisa safi mpaka dakika ya mwisho halafu kinazima, puu, sifuri. Alamu haipati nafasi ya kulia pii hata moja. Juu ya hapo kile kifaa chenyewe kinakula umeme muda wote, pengine kuliko alamu, kwa hiyo inaisha mapema bila kazi. Kwenye maikrofoni na pedali za gitaa nazipenda, hapo ikizima unachaji tu. Kwenye alamu nimezitoa zote.

Kwa hiyo kwangu: lithiamu isiyochajiwa kwenye alamu iliyoitaja, na hasa zile za darini ambako kupanda ni shida. Alkalaini nzuri kwenye zile zisizotaja lithiamu, nabadilisha kila mwaka hata kama haijalia. Zile za zinki na kaboni zilizoandikwa 6F22 siweki kwenye alamu, ujazo wake ni mdogo zaidi. Na betri za zamani kabla ya kuziweka kwenye boksi la kutupia ziba ncha zote mbili kwa selotepu, maana ziko upande mmoja zimekaribiana na ufunguo au betri nyingine ikizigusa kwa pamoja inapata moto, ya lithiamu hasa.