Programu ya kupiga picha hesabu: majibu manne, mwanafunzi kaja na matatu

Binti mmoja wa kidato cha tano ninayemfundisha tuisheni hapa Morogoro alinitumia usiku majibu ya swali nililowapa: 60°, 90° na 120°. Swali lilikuwa hili:

`sin 2x = √3 cos x`, kwa `−180° ≤ x ≤ 180°`

Majibu yake yote matatu ni sahihi, ila swali lina majibu manne. Nilipomuuliza alivyofanya, akaniambia, "Mwalimu, nililipiga picha kwenye ile programu. Ilinipa na 270°, lakini 270° iko nje ya mipaka, nikaitoa."

Programu anayoisema ndiyo ninayotumia na mimi tangu likizo ya Juni. Unaelekeza kamera kwenye swali, inalisoma, inalifanya, kisha inakufungulia hatua moja moja. Nimelipia toleo lenye maelezo ya hatua. Jina lake naliweka pembeni. Nataka kueleza ilivyofanya kwenye swali hili moja, maana nimelirudia kwa picha nyingi na limenionyesha nguvu yake na mahali inapomwacha mwanafunzi.

Nianze na nguvu. Kosa kubwa la mwanafunzi kwenye swali la namna hii ni kukata `cos x` pande zote mbili. Anaandika `2 sin x cos x = √3 cos x`, anaona `cos x` huku na huku, anaigawa, anabaki na `sin x = √3/2`. Hapo anapata 60° na 120° tu, na nusu ya majibu imeshapotea bila hata alama ya kumshtua, kwa sababu kila hatua aliyoandika inaonekana safi. Ukigawa kwa `cos x` umeamua kimyakimya kwamba `cos x` si sifuri, na majibu yaliyopotea ni yale yale ambayo `cos x` ni sifuri.

Programu haijafanya kosa hilo hata mara moja kwangu. Inahamisha kila kitu upande wa kushoto na kutoa kigawo cha shirika nje ya mabano:

```
2 sin x cos x − √3 cos x = 0
cos x (2 sin x − √3) = 0
cos x = 0   au   sin x = √3/2
```

Hatua hiyo ya pili ndiyo ninayowaambia wanafunzi waiangalie kuliko jibu lenyewe. Ukiona mabano yamebaki hadi mwisho, na kila kigawo kimewekwa sawa na sifuri peke yake, unajua hakuna kilichoangushwa njiani. Kwa hili tu nimeridhika na pesa niliyolipa.

Shida inaanza kwenye mipaka. Katika karatasi yangu mipaka iliandikwa mstari wa pili, na yule binti alipopiga picha, fremu ya kamera ilishika mstari wa kwanza peke yake. Programu isipoona mipaka haikuulizi. Inakupa jibu la jumla, na chini yake orodha ya majibu ya kuanzia 0° hadi 360°: 60°, 90°, 120°, 270°. Orodha hiyo ni sahihi kabisa kwa mipaka hiyo. Mwanafunzi akaichukua, akailinganisha na mipaka ya swali lake, akaona 270° inazidi 180°, akaifuta.

Hakujua kwamba 270° ina pacha wake ndani ya mipaka. Ukitoa 360° unapata −90°, pembe inayoishia mahali pale pale kwenye duara, na `cos(−90°)` ni sifuri vilevile. Kwa hiyo 270° haikupaswa kufutwa, ilipaswa kuhamishwa. Majibu kamili ni −90°, 60°, 90° na 120°.

Nilimwonyesha njia mbili za kugundua upungufu ule bila kuniuliza mimi. Ya kwanza ni kuhesabu idadi kabla ya kuhesabu pembe. Mlinganyo wote unajirudia kila baada ya 360°, na kutoka −180° hadi 180° ni upana wa 360° hizo hizo. Ukihamisha dirisha la upana ule ule kwenye kitu kinachojirudia, idadi ya majibu haibadiliki, ila pale tu jibu linapoangukia kwenye ncha yenyewe. Hapa hakuna jibu kwenye ncha: ukiweka 180°, kushoto unapata 0 na kulia −√3. Basi kama 0° hadi 360° ina majibu manne, na huku lazima yawe manne. Akiona matatu, ajue kuna moja amelitupa.

Ya pili ni kuachana na orodha na kutumia jibu la jumla, ambalo programu inaliandika vizuri:

```
x = 90° + 180°k
x = 60° + 360°k
x = 120° + 360°k
```

Hapo `k` ni namba nzima yoyote, hasi ikiwemo. Kwa `k = 0` unapata 90°, 60° na 120°. Kwa `k = −1` unapata −90°, kisha −300° na −240° ambazo ziko nje. Kwa `k = 1` zote zinazidi 180°. Ukiendelea kwa `k = −2` mstari wa kwanza unatoa −270°, nje pia, na mingine iko mbali zaidi, kwa hiyo unasimama ukiwa na uhakika. Wengi wanajaribu 0 na 1 na kuishia hapo, kwa mazoea ya maswali yanayoanza sifuri. Mipaka ikigusa upande wa hasi, `k` nayo lazima iguse huko.

Baada ya hapo nikalipiga picha upya, safari hii nikivuta pembe za fremu ili mistari yote miwili iingie. Kwa mwandiko wa kuchapwa ilisoma vizuri na kutoa majibu manne moja kwa moja. Kwa mwandiko wa mkono nimekutana na makosa mawili ambayo kila mtumiaji anapaswa kuyajua.

Moja ni alama ya digrii. Kiduara kidogo kikiandikwa kikubwa kidogo, programu inakisoma kama sifuri, na 180° inakuwa 1800. Inatokea orodha ndefu isiyoisha. Ukiihesabu ni majibu 40, kwa sababu kutoka −1800° hadi 1800° kuna mizunguko kumi na kila mzunguko una majibu manne. Hilo angalau linajionyesha lenyewe.

La pili ni baya zaidi kwa sababu linatoa jibu linaloonekana la kawaida. Ile 2 ya `sin 2x` ikipanda juu kidogo kwenye mwandiko, inasomwa kama `sin²x`. Huo ni mlinganyo mwingine kabisa. Utapata majibu mawili tu, takriban 62.8° na −62.8°, na hatua zote chini yake zitakuwa sahihi kwa swali ambalo hukuulizwa. Dalili yake ni desimali: mlinganyo wenye √3 kwenye karatasi ya shule mara nyingi umepangwa utoe pembe za 30°, 60° na wenzao. Ukiona 62.8°, rudi juu ya skrini usome kile programu ilichoandika kwamba imekiona. Mimi sasa nasoma mstari huo kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kuna na alama ya `≤`. Kistari cha chini kikififia inasomwa `<`. Katika swali letu haileti madhara, kwa kuwa ncha si majibu. Lakini badilisha neno moja, uwe na `sin 2x = √3 sin x` kwa mipaka ile ile, na majibu yanakuwa matano: −180°, −30°, 0°, 30° na 180°. Hapo kistari kimoja kilichofifia upande wa kulia kinakunyang'anya 180°, na vikififia vyote viwili unabaki na majibu matatu. Nimeshuhudia hili kwenye picha iliyopigwa chini ya mwanga wa taa ya chemli umeme ulipokatika.

Neno moja kuhusu grafu, maana programu inaichora na wanafunzi wanaipenda. Wanasema, si tuhesabu tu mahali mistari inapokutana? Kwa swali hili grafu ilinidanganya. Mstari wa `sin 2x` na wa `√3 cos x` unashuka karibu pamoja kati ya 60° na 120°. Kwenye 75°, mmoja uko 0.50 na mwingine takriban 0.45, na kwenye 105° ni hivyo hivyo kwa upande wa hasi. Kwenye skrini ya simu tofauti hiyo ni unene wa mstari wenyewe, kwa hiyo makutano matatu yanaonekana kama moja refu pale katikati, na jingine moja kule −90°. Mtu atahesabu mawili. Ilibidi nivute kwa vidole viwili mara kadhaa ndipo mistari ikaachana na makutano matatu yakaonekana. Naitumia grafu kuthibitisha majibu niliyonayo, siyo kuyahesabu kwa mara ya kwanza.

Kuhusu matumizi ya kawaida: inataka bando, hatua zimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho wanafunzi wangu wa sekondari wanasomea, na haijawahi kuchukua zaidi ya muda mfupi kutoa jibu. Sikuona shida hapo.

Ningewaomba watengenezaji kitu kimoja. Programu isipoona mipaka kwenye picha, iulize kabla ya kutoa orodha yoyote, au iandike juu ya orodha, kwa herufi kubwa, kwamba mipaka hii imeichagua yenyewe. Kwa sasa maneno hayo yako chini, kwa maandishi madogo ya kijivu, na mtoto anayesoma usiku kwa simu ya mzazi hafiki huko.

Yule binti bado anaitumia, na mimi sijamkataza. Tumekubaliana kwamba kwenye daftari anaandika mipaka kwanza, kisha idadi ya majibu anayotarajia, ndipo anafungua kamera. Wiki iliyofuata nilimpa `tan 2x = 1` kwa mipaka ile ile. Aliandika: tanjenti ya `2x` inajirudia kila 90°, upana ni 360°, natarajia manne. Kikokotoo kilimpa 22.5° peke yake. Akaongeza na kutoa 90° hadi akafika −157.5°, −67.5°, 22.5° na 112.5°, na alipopiga picha mwishoni orodha zikalingana.