Apu ya kukumbusha dawa: kitufe cha "Baadaye" kilitaka kuniondolea mama

Nimeandika hii nikafuta mara kadhaa kwa hasira, hasira bado ninazo ila sasa angalau naweza kupanga maneno. Niko Tanga, Ngamiani, naishi na mama yangu, ana kisukari na asubuhi anapika vitumbua anauzia kibarazani. Dawa yake ni glibenklamidi, kidonge kimoja asubuhi pamoja na chai. Hii apu nilimuwekea mimi kwenye simu yake miezi kadhaa nyuma na mwanzoni niliisifia mtaa mzima, maandishi makubwa, inalia vizuri, mama akibonyeza "Nimekunywa" inanyamaza. Kilichonikamata zaidi ni pale inaposema mgonjwa akiahirisha mara tatu, meseji inaenda kwa mtu mliyemchagua. Nikajiweka mimi, nikawa naenda zangu dukani na moyo umetulia.

Siku yenyewe wateja walikuwa wengi. Alamu imelia saa moja, mama mikono ina unga, mafuta yanachemka, akabonyeza "Baadaye". Dakika kumi ikarudi, akabonyeza tena. Ikarudi tena, na tena. Dakika kumi zile zile kila mara, kama vile mtu aliyeshindwa kuacha jiko dakika kumi zilizopita sasa hivi ameshapata nafasi! Mwisho akaiweka simu kwenye mtetemo akaifunika na kanga, na mtu yeyote angefanya hivyo. Apu ikaendelea peke yake kutwa nzima. Mimi dukani sijaona meseji, nikajua dawa imeshanywewa. Saa tatu usiku mama anataka kulala, anachukua simu anakuta kioo kinamwambia "Muda wa dawa". Akanywa. Na jioni ile alikuwa amekula kidogo tu.

Kwenye saa saba usiku nikamsikia anaongea maneno hayaeleweki, jasho limemlowesha, anatetemeka. Alikuwa bado anaweza kumeza, nikamnywesha maji ya sukari, akarudi kidogo kidogo, tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Wakatuzuia mpaka mchana wanampima kila mara, maana dawa hii inakaa mwilini muda mrefu na inaendelea kushusha sukari, kwa hiyo mtu akishazinduka sukari inaweza kushuka tena. Nesi mmoja mtu mzima, Mungu ambariki, akatuambia dawa ya asubuhi ikishapitwa haifukuziwi usiku, unaiacha, unaendelea na ya kesho kwa saa yake, na hunywi mbili kufidia.

Nilivyorudi nyumbani nikafungua historia ya ile apu. Mistari zaidi ya sabini, na kila mstari umeandikwa "Imeahirishwa (1)". Moja, moja, moja, mpaka chini! Hapo ndo nikaelewa. Kila mama alipobonyeza "Baadaye", na hata ilipolia bila kujibiwa, apu iliua kikumbusho kile ikazaa kipya, na kipya kinaanza kuhesabu upya. Tatu haikufika na isingefika hata angebonyeza wiki nzima. Ile ahadi ya kunitumia meseji ilikuwepo kwenye mipangilio tu. Ukitaka kujua kama yako ina ugonjwa huu, weka kikumbusho cha uongo, ahirisha mara nne mfululizo, uone kama meseji inatoka kwa yule mtu. Mimi nilijaribu, haikutoka.

Nikapiga simu yao ya huduma kwa wateja. Kijana akanisikiliza nusu, akanijibu, "Dada, mama yako ndo anabonyeza Baadaye, apu imefanya kazi yake." Sauti imekauka kabisa. Mimi nimetoka kukaa pembeni ya kitanda cha hospitali! Nikamwambia kaka, mtu kubonyeza baadaye siyo kosa, kitufe mmeweka nyinyi ili kibonyezwe, kazi yenu ni kujua baada ya hapo kinafuata nini. Akakata, au laini ilikatika, sijui.

Na kinachotakiwa kufuata siyo kitu kigumu. Kwanza hesabu ifuate dozi ya siku ile, isifuate kengele, ili mara ya tatu iwe ya tatu kweli. Pili nafasi iwe inapanuka, dakika kumi, halafu thelathini, halafu saa nzima, maana mtu akiahirisha mara ya pili ameshakuonesha kwamba shughuli yake ni ndefu, ukimng'ang'ania atakuzima. Tatu watenganishe aliyebonyeza "Baadaye" na aliyekaa kimya. Aliyebonyeza yupo macho, ana shughuli. Aliyekaa kimya huenda simu iko mbali, huenda ameanguka, huyo usimsubirie mara tatu, kimya mara mbili nipigiwe. La mwisho ndo lililotaka kuniondolea mama, kikumbusho kiwe na saa ya kufa. Ikifika, kiandike "Haikunywewa", kinijulishe, kisirudi tena mpaka kesho. Mchango wa kikoba ukiusahau leo, unaweza kukurudia kesho na keshokutwa mpaka ulipe, hauna madhara. Kidonge cha sukari kikirudi usiku kina madhara.

Sasa nimeishia kujitengenezea mwenyewe. Yule nesi aliniuliza mama anakunywa chai saa ngapi, nikasema saa mbili na nusu vitumbua vikiisha, akashangaa, sasa kengele ya saa moja ilikuwa ya nini? Na kweli, nilikosea mimi hapo. Akatuambia kwa mama mwisho wa kunywa iwe saa tano asubuhi na awe amekula (hii ni kwa mama yangu, wa kwako muulize anayemtibu). Nikafuta kile kikumbusho, nikaweka vinne tofauti visivyojirudia, 2:30, 2:40, 3:10 na 4:10, na kwenye simu yangu nikaweka changu cha 4:10 cha kumpigia. Baada ya hapo hakuna kengele mpaka kesho.

Ina tatizo lake. Vile vinne havijuani, mama akishakunywa kwenye cha kwanza vitatu vinalia vile vile, na mtu wa umri wake anaweza kujisahau akanywa cha pili. Kwa hiyo kila usiku namtolea kidonge kimoja kwenye kikopo cheupe naweka kabatini juu ya sukari, paketi nakaa nayo mimi. Kengele ikilia anaangalia kikopo, kikiwa kitupu ameshakunywa.

Nilitaka kutoa nyota moja. Halafu nikakumbuka maandishi makubwa, mama anayasoma bila miwani, na ile alamu inasikika mpaka uani, zingine nilizojaribu zinalia kama mbu. Basi mbili. Ila kuna kitu nimekiona juzi, wametoa apdeti, nikakimbilia kufungua nikijua wamerekebisha, kumbe wamebadilisha rangi. Nikarudia jaribio langu la kuahirisha mara nne, historia ikaandika (1), (1), (1), (1). Nyota moja. Mama yeye anasema niwasamehe, mwanangu hao vijana hawajui. Asubuhi hii saa 4:10 nimempigia, akaniambia kikopo kitupu tangu saa mbili na nusu, anaosha vyombo.