Taa za mwezi na nyota za Idi: nzuri mno, ila hiki kidude kitanitoa roho

Asalaam alaykum wapendwa, karibuni tena sebuleni kwangu hapa Ngarenaro, Arusha. Leo nina boksi mbili za taa za pazia, zile zenye miezi na nyota ambazo kila mtu anazo kwenye simu yake. Sitawasomea boksi, mshazijua: waya mmoja mrefu unapita juu mita mbili na nusu, chini yake nyuzi zinaning'inia, mapambo 12, taa 138. Tumemaliza. Nataka niwaonyeshe kitu kimoja tu ambacho hakuna muuzaji atakayekwambia, kwa sababu mimi kimeniaibisha mbele ya ukoo mzima.

Idi iliyopita. Wageni 30 na ushee, wengine wamekaa kwenye viti, wengine kwenye mkeka, viatu mlangoni hujui cha nani ni kipi. Magharibi imeshapita, nimewasha taa zangu, zimetulia, njano laini nyuma ya shifoni, shangazi zangu wanapiga picha. Mjomba akaombwa atusomee dua. Ameinua mikono, watu wote "amin, amin", umeme ukakatika. Sekunde tatu tu, ukarudi. Jamani! Ukuta mzima ukaanza disko. Mara zote, mara nusu, mara zinakimbizana. Mjomba mikono juu, nyuma yake kama ukumbi wa muziki. Na mimi ndiyo mwenye nyumba, napita katikati ya miguu ya watu nikitafuta kitufe.

Sasa sogeeni niwaonyeshe kwa nini. Mnaona hiki kidude cheusi hapa kwenye waya, karibu na plagi? Kina kitufe kimoja. Nawasha. Ona, imeanza na mchanganyiko, yaani inapitia mitindo yote yenyewe. Nabonyeza mara moja: mawimbi. Mbili: zinafuatana. Tatu: zinawaka polepole. Nne: zinakimbizana, hii ndiyo ile ya dua ya mjomba. Tano: zinafifia taratibu, hii si mbaya. Sita: zinameta. Saba: zimetulia. Hapo! Hapo ndipo ninapopataka mimi, bonyezo la saba. Ukipitiliza moja, umerudi mwanzo, hesabu upya.

Sasa nachomoa. Nahesabu moja, mbili, tatu. Nachomeka. Mnaona? Mchanganyiko. Imesahau. Haina kumbukumbu hata chembe. Narudia, msije mkasema nimebonyeza vibaya. Nabonyeza saba, imetulia. Nachomoa, nachomeka. Disko! Hii ni boksi la kwanza, nililonunua elfu kumi na mbili, halina hata jina la aliyeitengeneza.

Boksi la pili ni elfu ishirini na mbili, na kwa macho zinafanana kama mapacha. Naweka imetulia, nachomoa, nachomeka... imetulia. Alhamdulillah. Basi ukienda dukani usimwambie muuzaji akuwashie tu, maana kila taa ikiwashwa inapendeza. Mwambie aweke kwenye ile ya kutulia, achomoe, achomeke tena mbele yako. Dakika moja tu. Akinuna, anune.

Na wakati anachomoa, angalia plagi yenyewe. Hili la kwanza lina plagi nyembamba ya pini mbili tu. Hili la pili lina adapta nene, kama chaja ya simu ya zamani, na pembeni pameandikwa OUTPUT halafu 31V. Maana yake umeme wa ukutani, ule wa volti 230, unaishia kwenye adapta, na kinachotembea kwenye waya ni volti 31. Hili la bei rahisi halina adapta. Kile kidude kinawasha na kuzima tu, hakipunguzi kitu, kwa hiyo umeme wa ukutani wenyewe ndio unaozunguka kwenye nyuzi hizi nyembamba kama tambi. Taa zimepangana kwenye mstari na zinagawana volti hizo. Zikiwa nzima, sawa. Lakini uzi ukichubuka, na mtoto wa mgeni ameushika, hatugawani tena na taa.

Ndiyo maana nawaomba msikate nyuzi. Najua mtu dirisha lake ni dogo, anachukua mkasi. Ukikata, kwanza kundi zima linaweza kuzima, kwa sababu zimefuatana, moja ikikosekana njia imekatika. Na ukiunganisha ncha ili ziwake, zilizobaki zinabeba mzigo wa zile ulizotoa, zinachemka, zinakufa moja baada ya nyingine. Nyuzi zikizidi, zikusanye kwenye kona.

Halafu hii tabia yetu ya plagi ya pini mbili kuichomeka kwenye soketi ya matundu matatu kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Wewe, ndiyo wewe, unacheka. Nunua kigeuzi, ni vibuku viwili vitatu tu. Plagi iliyochomekwa kwa kalamu haikai, inacheza, na ikicheza, kile kidude kinaona umeme umekatika. Disko.

Haya, hasira zimepungua, tuje kwenye ninachokipenda, maana nikiendelea mtadhani nazichukia. Taa hizi peke yake ukutani ni za kawaida sana. Mchana hazionekani kabisa. Na wageni wa Idi wengi wanakuja lini? Wakitoka kuswali, saa nne, saa tano, wanakula pilau mchana kweupe. Watakachokiona ni waya. Kwa hiyo mchana kazi inafanywa na kitambaa, usiku taa ndiyo inapokea zamu.

Hapa nimetumia shifoni ya rangi ya maziwa. Ukuta wangu nataka kuufunika mita mbili na nusu, sawa na taa. Watu wengi wananunua kitambaa mita mbili na nusu, wanakivuta kinyooke, kinakuwa kama shuka limeanikwa. Kitambaa kinataka mikunjo, karibu mara mbili ya upana wa ukuta. Shifoni yangu ina upana wa mita moja na nusu, basi nimechukua vipande vitatu, jumla mita nne na nusu za kukunja. Kutoka bomba la pazia mpaka chini ni mita mbili na nusu, nikaongeza sentimita 20 za kukunja juu na chini. Vipande vitatu mara mbili nukta saba, mita nane na kidogo. Nikanunua nane na nusu kwa elfu nne mita, elfu thelathini na nne. Nayo ilinipanda, wiki mbili kabla ya Ramadhani nilisikia elfu tatu. Kama huna haraka, neti za pazia za mitumba zinatosha kabisa, watu wa Moshi mna soko la Memorial, mna raha zenu.

Sasa siri ya mwanga laini ni nafasi. Nimelaza shifoni juu ya taa, zimegusana, ona: vidoto vidoto, kama surua. Sasa naivuta shifoni mbele kama upana wa kiganja... Mmeona? Vidoto vimeyeyuka, umebaki mwanga tu umetandaa kwenye mikunjo. Ndiyo maana natumia bomba la pazia la mistari miwili. La nyuma taa, la mbele kitambaa. Nyumba ni ya kupanga, sijapiga msumari hata mmoja. Zile ndoano za kubandika nilizijaribu, kwenye vigae na fremu ya alumini zinashika vizuri, ila kwenye ukuta wa rangi yetu hii inayotoka unga ukiupangusa, saa sita usiku unasikia "pwaa", zimekuja na rangi ya mwenye nyumba.

Satini nzito ya kijani nimeiweka pembeni tu, kushoto na kulia, kwa sababu inaziba mwanga. Na taa chagua njano, sio ile nyeupe ya bluu. Nyeupe ya bluu juu ya shifoni, wageni wote wanaonekana wamelazwa wodini.

Halafu mwezi. Angalieni huu mwezi wa plastiki, umesimama wima kama herufi C. Tokeni nje jioni mwezi ukiandama, muuangalie kutoka hapa Arusha. Hausimami hivi, umelala kama mtumbwi, pembe juu, labda umeinama upande kidogo. Sisi tuko karibu na ikweta, mwezi mchanga unalifuata jua likizama karibu wima, kwa hiyo upande wenye mwanga unakuwa chini. Huu wa kusimama ni wa watu walio mbali na ikweta. Basi mimi miezi miwili mikubwa nimeifungua, nikaifunga upya kwa uzi wa kuvulia kwenye pembe zote mbili, ikalala. Nikaitoa mbele kupitia maungio ya vipande vya shifoni, kwa sababu ikiwa nyuma umbo lake linafifia. Binti yangu aliniuliza kwa nini mwezi unacheka. Nimeupenda zaidi hivyo.

Mtaniuliza kuhusu zile za USB. Zipo, ni ndogo, na kwa umeme wetu wa msimu wa mvua zina akili. Yangu inakula kama wati tano, nikiichomeka kwenye pawabenki ya mAh 10,000 inanipeleka saa sita hivi. Umeme ukatike, usikatike, mjomba anamaliza dua. Ila kwa ukuta mzima mwanga wake haunitoshi, naiweka juu ya kabati la vyombo. Zile za rangi saba na rimoti msiniulize, hiyo ni baa.

Muda wa kufunga taa: mimi nazifunga mwezi 28 wa Ramadhani, na kuziacha zimewaka saa mbili nzima nione kama kuna uzi unaochemka. Ukisubiri 29 usiku kutangazwa mwandamo, mwezi ukiandama utakuwa unakuna nazi mkono mmoja, na mkono mwingine umeshika pazia.

Na chetezo, tafadhali. Udi uzungushe mlangoni na kwenye viti, usikiweke chini ya shifoni. Shifoni si pamba, kaa moja likiruka haiungui polepole, inayeyuka na kudondoka. Yangu ina tundu hapa pembeni, ndiyo maana nimelifunika na hii nyota.

Wiki ijayo nakuja na mikeka ya plastiki, mliomba sana. Hili boksi la elfu kumi na mbili simpi mtu. Nalikata plagi hapa hapa, miezi yake nabaki nayo.